Wastani Unakaa Wapi Ndani ya Maji? Intigrali kwenye Mfereji wa Malolo

Malolo ni kata ya wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, katika jimbo la Mikumi, na anayeijua huijua kwa vitunguu. Vitunguu hivyo havisubiri mvua. Maji hutolewa kwenye mto Mwega, huingia mfereji mkuu wa skimu iliyojengwa kwa msaada wa Japani, hugawanywa kwenye mifereji midogo na hatimaye hufika shambani kwa zamu. Yasiyochukuliwa huteremka hadi Ruaha Mkuu, nao Ruaha Mkuu huyapeleka kwenye bwawa la Kidatu. Kila hatua ya safari hiyo ina swali lilelile: maji ni kiasi gani? Jibu hutolewa kwa lita kwa sekunde, kana kwamba mto una mwendo mmoja. Hauna. Juu maji hukimbia, chini hujikokota, kandokando hukaribia kusimama. Namba moja inayotajwa kwa niaba ya mwendo wote huo ni wastani, na wastani huo haukupatikana kwa kujumlisha namba kadhaa na kuzigawa. Umetokana na intigrali. Hoja yangu ni kwamba theoremu ya thamani ya wastani ya intigrali, ambayo wanafunzi wengi huikariri kama kipande cha mtihani kisha wakaisahau, ndiyo inayompa mpimaji wa maji haki ya kutumbukiza kifaa chake mahali pamoja tu na kudai ameupima mkondo mzima. Hata hivyo, haki hiyo ina masharti, na asiyeyajua masharti atapata namba safi iliyo mbali na ukweli.

Tuanze na wastani wenyewe. Wastani wa namba tano ni jumla yake kugawanywa kwa tano. Lakini kasi ya maji kutoka sakafu ya mfereji hadi usoni si namba tano, wala mia. Kila kimo kina kasi yake, na kati ya vimo viwili vyovyote kuna vingine visivyohesabika. Hicho ndicho wanahisabati wanachokiita fanksheni: utaje kimo, nayo inakupa kasi. Kupata wastani wake tunaukata urefu wa kina katika vipande vyembamba, tunaizidisha kasi ya kila kipande kwa unene wake, tunajumlisha, kisha tunagawanya kwa kina chote. Vipande vikizidi kuwa vyembamba jumla hiyo hutulia kwenye thamani moja, nayo ndiyo intigrali. Kwa fanksheni f kati ya a na b, wastani ni

(1/(b − a)) ∫ₐᵇ f(x) dx

Ukipenda picha, chora kasi kama mstari uliopinda juu ya karatasi. Eneo lililo chini ya mstari huo ni intigrali. Sasa lisawazishe eneo hilo liwe mstatili wenye upana uleule, kama mkulima anavyosawazisha udongo wa jaruba kabla ya kuingiza maji: kilichoinuka kinajaza kilichobonyea, bila tope kuongezeka wala kupungua. Kimo cha mstatili huo ni wastani.

Theoremu inaongeza jambo moja. Inasema kwamba ikiwa f haikatiki popote kati ya a na b, basi kuna angalau sehemu moja, tuiite c, ambapo f(c) ni sawa kabisa na wastani. Uthibitisho wake ni mfupi. Fanksheni isiyokatika kwenye kipande kilichofungwa ina thamani ndogo kuliko zote, m, na kubwa kuliko zote, M. Wastani hauwezi kushuka chini ya m wala kupanda juu ya M, kwa kuwa eneo chini ya mstari ni angalau m(b − a) na halizidi M(b − a). Na fanksheni isiyokatika, ikitoka m kwenda M, haiwezi kuruka thamani yoyote iliyo katikati. Lazima ipitie kwenye wastani. Hatua hii ya mwisho ndiyo Bolzano aliyoitolea uthibitisho mwaka 1817, na Cauchy aliitumia hoja ya namna hii kwa intigrali katika masomo yake yaliyochapishwa Paris mwaka 1823. Kwa lugha ya mfereji: maji ya chini yana kasi ndogo kuliko wastani, ya juu yana kasi kubwa kuliko wastani, basi mahali fulani kati ya chini na juu pana maji yanayokwenda kwa kasi ya wastani hasa, si karibu yake.

Hapa ndipo pingamizi la kwanza linapoinuka, nalo ni la haki. Theoremu inaahidi kwamba c ipo lakini haisemi iko wapi. Mtu akikwambia mbuzi wako yumo mahali fulani ndani ya Kilosa, hajakusaidia kumpata. Walimu wengi husimama hapo hapo na kusema kwamba faida ya theoremu ni ya kinadharia tu, ya kuthibitishia theoremu nyingine. Sikubaliani nao. Ukweli kwamba theoremu haitaji mahali haumaanishi mahali hapajulikani. Maana yake ni kwamba mahali panategemea umbo la fanksheni, na umbo hilo ni lazima tulitafute nje ya hisabati, kwenye tabia ya kitu chenyewe. Maji yanayotiririka katika mfereji mnyoofu yana umbo linalojulikana.

Maji yanayogusa sakafu hushikwa na msuguano. Tabaka la juu yake huburutwa na lile la chini, na la juu zaidi huburutwa kwa nguvu ndogo zaidi, hivyo kasi huongezeka haraka karibu na sakafu na polepole kuelekea usoni. Wanahaidrolojia huieleza tabia hiyo kwa kanuni rahisi: kasi kwenye kimo z juu ya sakafu ni kasi ya usoni ikizidishwa kwa (z/h) iliyopandishwa kwenye kipeo cha 1/6, ambapo h ni kina chote. Wapo wanaotumia 1/7, wapo wanaotumia logi, kutegemea ukwaruzo wa sakafu. Tuchukue 1/6 tufanye hesabu hadi mwisho, kwa mfereji wa kina cha sentimita 80 ambao kasi yake ya usoni ni mita 0.7 kwa sekunde. Namba hizi nimezichagua ili hesabu isomeke kwa urahisi. Si vipimo vya mfereji fulani.

Intigrali ya (z/h) iliyopandishwa kwenye 1/6, kutoka 0 hadi h, ikigawanywa kwa h, inatoa 6/7. Kwa hiyo wastani ni 0.7 × 6/7, yaani mita 0.6 kwa sekunde. Sasa tuulize: kasi hiyo ya 0.6 iko kwenye kimo gani? Tunatafuta z ambapo (z/h) kwenye kipeo cha 1/6 ni sawa na 6/7. Tukipandisha pande zote mbili kwenye kipeo cha sita, z/h ni (6/7)⁶, ambayo ni 0.397. Kimo hicho ni sentimita 31.7 kutoka sakafuni, au sentimita 48.3 kutoka usoni. Sehemu ya kina, ikihesabiwa kutoka juu, ni 0.603. Ukitumia 1/7 badala ya 1/6 unapata 0.607. Ukitumia kanuni ya logi, c inaangukia kwenye h/e kutoka sakafuni, ambapo e ni ile namba 2.718, hivyo kutoka usoni ni 0.632. Kanuni tatu tofauti, na c imesogea kwa sentimita 2.3 tu katika mfereji wa sentimita 80.

Mwenye kuwahi kumwona mpimaji wa maji akiwa kazini sasa anaelewa alichokuwa akifanya. Husimama mtoni na fimbo yenye kifaa chenye pangaboi dogo au vikombe vinavyozungushwa na maji, husoma kina kwenye fimbo, kisha hukishusha kifaa hadi sehemu sita za kumi za kina kutoka usoni, na huhesabu mizunguko. Sita ya kumi hiyo ni c. Imetoka kwenye theoremu iliyoahidi kwamba ipo na kwenye umbo la mkondo lililoonyesha ilipo. Bila theoremu hakuna sababu ya kuamini kwamba kuna sehemu moja inayotosha. Bila umbo hakuna sababu ya kuchagua 0.6 badala ya nusu. Na nusu ingemponza: katika mfano wetu, kasi ya katikati ya kina ni mita 0.62 kwa sekunde, juu ya wastani kwa asilimia nne. Si kosa kubwa la siku moja, lakini ni kosa linaloelekea upande uleule kila siku, na makosa ya namna hiyo hayafutani.

Palipo na kina kikubwa, kuanzia takribani sentimita 75, mpimaji husoma mara mbili, kwenye 0.2 na kwenye 0.8 ya kina, na kuchukua wastani wa namba hizo mbili. Kwa mfano wetu anapata 0.674 juu na 0.535 chini, na nusu ya jumla yake ni 0.605, karibu sawa na 0.6 tuliyoipata kwa intigrali. Kinachovutia ni kwamba hakuna hata moja ya sehemu hizo mbili iliyo c. Moja iko juu ya wastani, nyingine chini yake, na makosa yao yanakaribia kufutana. Gauss alionyesha kwamba ukitaka kukadiria intigrali kwa sehemu mbili tu zenye uzito sawa, mahali bora pa kusimama ni karibu na 0.21 na 0.79 ya urefu. Kanuni ya wapimaji imekaribia sana hapo.

Faida kubwa ya kusoma mara mbili, kwa maoni yangu, haiko kwenye usahihi wa namba. Iko kwenye uwezo wa kugundua kwamba umbo limeharibika. Kwenye mkondo wa kawaida kasi ya 0.2 huwa kubwa kuliko ya 0.8, lakini haifiki mara mbili yake. Ikiwa ya juu ni ndogo kuliko ya chini, au imeizidi mara mbili, mkondo haufuati kanuni tuliyoitegemea, na 0.6 haina tena haki ya kuitwa c. Tuone jambo hilo linavyotokea. Chukua mfereji uleule wa sentimita 80, lakini uache magugu yaote sakafuni hadi nusu ya kina. Tuseme ndani ya magugu maji yanakwenda mita 0.1 kwa sekunde, na juu ya magugu kasi inapanda sawasawa hadi 0.7 usoni. Wastani sasa ni 0.25. Theoremu bado ni kweli, c bado ipo, ila imehama: iko sentimita 50 kutoka sakafuni, yaani sentimita 30 tu chini ya uso. Anayeshusha kifaa kwenye 0.6 kwa mazoea atakitumbukiza ndani ya magugu, atasoma 0.1, na ataandika chini ya nusu ya maji yaliyopo. Anayesoma mara mbili atapata 0.46 juu na 0.1 chini, uwiano wa zaidi ya nne kwa moja, na hapo anajua kwamba lazima asome kwenye vina vingi zaidi au majani yang'olewe kwanza.

Si kila skimu ina kifaa chenye pangaboi. Njia inayotumika sana mashambani ni ya kitu kinachoelea: unapima mita kumi za mfereji ulionyooka, unatupa gunzi la mahindi au kipande cha mti juu kidogo ya alama ya kwanza ili kishike kasi ya maji, na unahesabu sekunde hadi kivuke alama ya pili. Gunzi likitumia sekunde 14.3, kasi ya usoni ni 0.7. Kosa la kawaida ni kuizidisha kasi hiyo moja kwa moja kwa eneo la mkato wa mfereji. Kwa mfereji wa upana wa mita 1.2 na kina cha 0.8, eneo ni mita za mraba 0.96, na jibu linakuwa lita 672 kwa sekunde. Lakini gunzi limepima uso, na uso ndipo maji yana kasi kuliko popote. Ni M, wala si c. Ndiyo maana wataalamu huzidisha kwa 0.85, namba ambayo wengi huipokea kama dawa isiyojulikana mti wake. Mti wake ni huu: 6/7 ni 0.857, na 7/8 ya kanuni ya pili ni 0.875, na kuta nazo hupunguza mwendo kidogo. Kwa 6/7 maji ni lita 576. Tofauti ya lita 96 kwa sekunde ni maji ambayo yapo kwenye daftari na hayapo mferejini. Na katika mfereji wenye magugu, 0.85 yenyewe inageuka uongo, kwa sababu wastani pale ulikuwa 0.25 na uso ulikuwa 0.7, uwiano wa 0.36 tu. Gunzi litakimbia vizuri kabisa juu ya magugu na kumfurahisha mpimaji, huku mkulima wa mwisho wa mfereji akipata chini ya nusu ya alichoandikiwa.

Mpaka hapa tumepima mstari mmoja wa wima. Mto una upana, na kwenye upana wastani wa kawaida hautoshi. Chukua mto wa mita sita, tuugawe katika vipande vitatu vya mita mbili mbili. Cha kwanza kina kina cha 0.3 na kasi ya 0.2, cha katikati, kina cha 0.8 na kasi ya 0.6, cha tatu, kina cha 0.4 na kasi ya 0.3. Ukijumlisha kasi tatu na kuzigawa kwa tatu unapata 0.37, na ukizidisha kwa eneo lote la mita za mraba 3.0 unapata mita za ujazo 1.1 kwa sekunde. Ukihesabu kila kipande peke yake unapata 0.12, 0.96 na 0.24, jumla 1.32. Lita 220 kwa sekunde zimepotea karatasini, kwa sababu kipande cha katikati, chenye kina kikubwa, kilipewa kura moja sawa na kingo zenye maji ya kifundoni. Wastani sahihi ni 1.32 ikigawanywa kwa 3.0, yaani 0.44, ambao ni wastani wenye uzito, na uzito wake ni kina.

Theoremu ina sura ya pili kwa ajili ya hali hii. Ikiwa f haikatiki, na g ni uzito usiobadilisha alama, yaani haugeuki kutoka chanya kuwa hasi, basi kuna c ambapo

∫ₐᵇ f(x) g(x) dx = f(c) ∫ₐᵇ g(x) dx

Kina hakiwi hasi, kwa hiyo mtoni sharti linatimia na mahali fulani kwenye upana pana mstari wa wima wenye kasi ya wastani hasa. Wanafunzi huliona sharti la alama kama tahadhari ya wahakiki. Si hivyo. Mfano mdogo unatosha kulionyesha: f(x) = x na g(x) = x, kutoka −1 hadi 1. Upande wa kushoto ni 2/3. Upande wa kulia, intigrali ya g ni sifuri, na hakuna f(c) inayoweza kuigeuza sifuri kuwa 2/3. Mfano wake wa duniani uko mwisho wa safari ya maji haya haya, kwenye delta ya Rufiji inayotazama kisiwa cha Mafia. Huko maji hupwa na kujaa, kwa hiyo kasi inageuka alama. Ukipima chumvi kwa uzito wa kasi kwa muda wa kujaa na kupwa, maji yaliyoingia na yaliyotoka yanaweza kukaribia kulingana, jumla ya uzito ikawa karibu na sifuri, na bado chumvi nyingi ikawa imepanda mtoni, kwa kuwa maji yanayoingia yana chumvi kuliko yanayotoka. Anayezidisha chumvi ya wastani kwa maji halisi yaliyopita atasema hakuna chumvi iliyosogea. Sharti la alama lilikuwa likimwonya juu ya jambo hilo hasa.

Nimeacha kwa makusudi pingamizi zito zaidi, lile la mkulima mwenyewe. Wastani, atasema, ni lugha ya walio juu ya mfereji. Mimi niliye mwisho sinyweshi vitunguu kwa wastani. Nanywesha kwa maji yaliyofika siku ya zamu yangu. Tumpe pingamizi lake kwa namba. Lango likifunguliwa saa nane kwa siku na kupitisha lita 240 kwa sekunde, kisha likafungwa saa kumi na sita, wastani wa siku ni lita 80 kwa sekunde. Hakuna saa hata moja ambayo mfereji huo ulikuwa na lita 80. Mtu anaweza kufikiri kwamba theoremu imevunjika, kwa kuwa fanksheni inaruka kutoka sifuri hadi 240. Kwa uhalisi hairuki. Lango hufunguliwa kwa kuzungushwa, na maji hupanda kwa dakika chache, yakipitia kiwango cha lita 80 kwa kitambo cha sekunde moja au mbili, asubuhi wakati wa kufungua na tena wakati wa kufunga. Kwa hiyo c ipo, tena zipo mbili, kama theoremu ilivyoahidi. Ila ahadi haikuwa kwamba mfereji utakaa kwenye wastani; ilikuwa kwamba utapita hapo. Kwenye kina cha maji, kasi hubadilika taratibu kuzunguka c, na kifaa kikikosea sentimita moja hakuna kinachoharibika. Kwenye lango, kuzunguka c fanksheni inapanda kama ukuta, na c hiyo haina matumizi kwa mtu yeyote. Theoremu ileile, kweli kwa kiwango kilekile, ni chombo cha kazi upande mmoja na haifai upande mwingine, na kinachoamua ni mteremko wa fanksheni pale c ilipo.

Kwa hiyo namkubalia mkulima kwamba wastani wa siku haumwelezi maji yake. Simkubalii kwamba kosa ni la wastani. Kosa liko kwenye a na b. Wastani haupo mpaka mtu aseme ni wa kutoka lini hadi lini, na kipande hicho hakichaguliwi na hisabati. Huchaguliwa na kile kinachoyahifadhi maji. Ruaha Mkuu unatoa ushahidi mzito. Tangu mwaka 1993 mto huo umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, chini ya mabonde ya Usangu, wakati mwingine kwa wiki nyingi mfululizo. Chini zaidi liko bwawa la Mtera, ambalo huhifadhi maji ya masika kwa ajili ya mitambo yake na ya Kidatu. Kwa Mtera, wastani wa mwaka ni namba yenye maana, kwa sababu bwawa ni kama intigrali iliyojengwa mtoni: hupokea kila lita na kuijumlisha, haijalishi ilifika Machi au Mei. Kwa kiboko aliye kwenye dimbwi la Oktoba, wastani wa mwaka huohuo wa mto huohuo hauna maana yoyote, kwa kuwa yeye hana bwawa. Kipande chake ni siku chache. Wote wawili wanasoma fanksheni moja, na kila mmoja ana wastani wake ulio sahihi.

Hili linagusa vibali vya maji. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inamtaka anayechukua maji ya mto kwa matumizi kama ya skimu awe na kibali, na kwa mito inayomiminika Ruaha Mkuu ofisi inayohusika ni ya Bonde la Rufiji, iliyoanzishwa mwaka 1993 na yenye makao Iringa. Kiasi cha kibali kikitajwa kwa lita kwa sekunde bila kusema ni kwa kipande gani cha muda, kinaweza kusomwa kwa njia mbili. Lita 80 kwa sekunde zinaweza kuwa kikomo kisichovukwa sekunde yoyote, au wastani wa siku unaoruhusu lango la lita 240 kwa saa nane. Wa juu na wa chini ya banio wanaweza kusoma karatasi moja, kila mmoja kwa nia njema, na kugombana. Kwa mtu anayechota maji Mwega chini ya banio saa nne asubuhi, tofauti ya njia hizo mbili ni lita 160 kwa sekunde.

Kuna wanaosema kwamba hakuna fanksheni hapa hata kidogo, kuna namba chache tu zilizosomwa kwenye ubao wa sentimita ulioko kando ya mto, na mstari usiokatika ni ndoto ya mwanahisabati. Ni kweli kwamba mstari ni dhana yetu. Lakini mto haukatiki kwa kuwa hatukuutazama, na kosa la kusoma mara chache linaweza kupimwa. Mto ukipanda na kushuka kwa siku nyingi, kusoma asubuhi na jioni kunatosha kuchora umbo lake. Mto mdogo wa milimani kama Mwega unaweza kufurika usiku baada ya mvua na kurudi chini kabla ya jua kutoka, na msomaji wa asubuhi akakuta alama ya tope ubaoni, juu kabisa ya maji anayoyaandika. Alama hiyo ya tope ni M iliyompita. Inamwambia kwamba wastani wake wa siku ni mdogo kuliko ukweli. Inamwekea pia mpaka wa juu, kwa sababu maji hayakupita alama hiyo. Ni ile hoja ya m na M tuliyoanza nayo, ikifanya kazi bila kifaa chochote.

Kwa mkulima wa vitunguu aliye mwisho wa mfereji, basi, kipande kinachostahili ni siku kati ya zamu moja na nyingine. Mizizi ya kitunguu haiendi mbali, na udongo wa juu ndio bwawa lake pekee. Zamu ikiwa kila siku saba, wastani wake uhesabiwe kwa siku saba, ukipimwa kwenye lango lake na si kwenye banio, kwa kifaa kilichoshushwa hadi 0.6 ya kina au kwa gunzi na 0.85, baada ya magugu kufyekwa. Akihesabiwa hivyo, lita zake zinaweza kuwekwa kando ya lita za jirani wa juu, za siku saba zilezile, na kulinganishwa moja kwa moja.